Majibu Mengi Kuliko Laiki: Namna ya Kujua Kama Chapisho Limezua Mabishano

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wanaosimamia kurasa za taasisi huwa na sura moja: chapisho limewekwa asubuhi, kufikia mchana lina majibu 200 na laiki 40, mkubwa wa kazi ameziona tarakimu hizo na sasa anauliza kama lifutwe. Anayeuliza huwa tayari amekwisha kuamini kwamba majibu yakizidi laiki basi watu wamekasirika, na mara nyingi hajasoma hata majibu kumi.

Kipimo hiki kilipata umaarufu Twitter mwaka 2017. Tarehe 10 Aprili mwaka huo shirika la ndege la United lilichapisha taarifa ya mkurugenzi wake kuhusu abiria aliyekuwa ameburutwa kutoka ndani ya ndege siku iliyotangulia, na majibu yakazizidi laiki kwa mbali sana. Mantiki yake inaeleweka kwa urahisi. Twitter haikuwa na kitufe cha kukataa kinachoonyesha idadi yake chini ya chapisho, hivyo aliyeafiki aligusa moyo mara moja na kwenda zake, na asiyeafiki hakuwa na pa kuiweka kauli yake ila kwenye majibu. YouTube nako, idadi ya waliokataa video imefichwa kwa watazamaji tangu Novemba 2021, na wanaotaka kujua hali ya mambo wamebaki kutazama maoni na laiki.

Hata hivyo uwiano huo unathibitisha jambo moja tu, yaani kwamba majibu yalikuwa mengi kuliko laiki za walioafiki kimyakimya. Kwa nini watu walijibu, haujui. Mwongozo huu unafuata dalili kama watu wanavyozileta, na kila dalili inaanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi.

Kwanza, mkubwa kuliko nini?

Hakuna tarakimu moja inayofaa kurasa zote. Ukurasa wa huduma kwa wateja huishi na majibu mengi kuliko laiki kila siku, kwa sababu watu huufuata ili waulize, ilhali ukurasa wa picha za mandhari unaweza kupata jibu moja kwa kila laiki mia. Chukua machapisho 40 yaliyopita ya akaunti hiyohiyo, gawanya majibu kwa laiki katika kila moja, panga matokeo kuanzia dogo hadi kubwa, kisha ushike thamani ya katikati. Usitumie wastani wa kawaida, kwa maana chapisho moja lililowahi kuvuma vibaya linaweza kuupandisha wastani huo hadi kila kilichokuja baadaye kionekane shwari. Uwiano wa leo ukiwa mara mbili ya thamani hiyo ya katikati, mimi huwa sishtuki. Ukiwa mara tano au zaidi, ninafungua majibu na kuanza kusoma.

Dalili ya kwanza: uwiano umepanda saa za mwanzo, na tarakimu bado ni ndogo

Sababu ya kawaida kabisa ni uchache wa tarakimu zenyewe. Majibu 6 kwa laiki 2 ni uwiano wa 3, na majibu 240 kwa laiki 80 ni uwiano wa 3 vilevile, lakini katika hali ya kwanza marafiki wawili waliosalimiana chini ya chapisho wanatosha kuutengeneza. Sababu ya pili ni wakati: wanaofika mwanzo mara nyingi ni wale waliowasha arifa za akaunti hiyo, nao ni watu wa kuzungumza kuliko wapita njia watakaoliona chapisho baadaye na kuligusa tu.

Tiba rahisi ni kusubiri na kupima tena baada ya saa 24, kwa masharti kwamba yale machapisho 40 ya kulinganisha nayo yawe yamekwisha kuzeeka. Ukilinganisha chapisho la saa mbili na machapisho ya wiki tatu zilizopita, unalinganisha mche na mti. Kama huwezi kusubiri, ongeza idadi ileile ndogo juu na chini kabla ya kugawanya ili uwiano wa tarakimu chache usiruke ovyo:

```
uwiano = (reply_count + 10) / (like_count + 10)
```

Kwa hesabu hiyo majibu 6 na laiki 2 yanatoa takribani 1.3, na majibu 240 na laiki 80 yanatoa takribani 2.8. Chapisho dogo limetulizwa, na kubwa halikuguswa sana. Kumi si namba takatifu. Ukurasa wenye wafuasi wengi unaweza kutumia 50, mradi utumie namba hiyohiyo kwa machapisho yote unayoyalinganisha.

Dalili ya pili: uwiano ni mkubwa, lakini majibu ni ya upole

Hapa ndipo watu wengi wanapojitangazia mgogoro usiokuwepo. Sababu inayoongoza ni kwamba chapisho lenyewe liliomba majibu. Ukiuliza "mngependa tufungue saa ngapi?" na watu 150 wakajibu "saa mbili", umepata ulichokiomba, wala hakuna aliyeona haja ya kulilaiki swali. Mashindano ya zawadi yanayomtaka mshiriki ataje marafiki watatu hufanya hivyohivyo kwa kiwango kikubwa zaidi.

Sababu inayofuata ni utata wa tangazo. Taarifa inayosema usajili unaanza Jumatatu bila kusema unafanyika wapi itavuta mamia ya "wapi?", na uwiano wake utafanana kabisa na wa chapisho lililowakera watu. Kuitambua ni kazi ya dakika mbili: soma majibu 20 na uhesabu alama za kuulizia. Tiba yake ni kuandika jibu moja la ufafanuzi na kulibandika juu kabisa. Baada ya hapo maswali mapya yakipungua, basi umejua ugonjwa ulikuwa upi.

Ipo pia sababu ya tatu, isiyo ya kawaida sana lakini inayopotosha vibaya, nayo ni habari za msiba. Mtu anayetangaza kufiwa hupata "pole sana" nyingi na laiki chache, kwa kuwa wengi huona ukakasi kugusa moyo mwekundu juu ya habari ya kifo. Mashine inayopanga machapisho kwa uwiano pekee italiweka tangazo hilo kwenye fungu moja na matusi. Kama unaandaa ripoti ya mwezi kwa mashine ya namna hiyo, yapitie kwa macho machapisho kumi ya juu kabla hujayaita yenye mabishano, maana ni jambo la aibu kumpelekea mkurugenzi orodha ya "migogoro" yenye rambirambi ndani yake.

Dalili ya tatu: uwiano ni mkubwa na majibu ni makali

Hii ndiyo dalili inayostahili muda wako, na ndiyo inayohitaji kutenganishwa kwa uangalifu, kwa sababu hali nne tofauti huonekana sawasawa zikitazamwa kwa tarakimu peke yake. Inayotokea mara nyingi zaidi ni ugomvi wa watu wachache wanaojibizana bila kukoma. Inafuata kukataliwa kwa pamoja, ambapo karibu kila mtu anapinga. Kisha kuna mgawanyiko wa kweli, ambapo pande mbili zenye watu wa kutosha zinavutana. Mwisho, na kwa nadra zaidi kuliko wenye kurasa wanavyopenda kuamini, kuna shambulio lililopangwa.

Tofauti kati ya hali ya pili na ya tatu ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Chapisho lililokataliwa na kila mtu halina mabishano ndani yake, kwa kuwa wasomaji wote wamekubaliana kwamba ni baya. Mabishano yanahitaji watu wa kubishana nao. Uwiano wa majibu kwa laiki hauwezi kuzitenga hali hizo mbili, na dawa zake hazifanani: aliyekataliwa na wote mara nyingi anatakiwa kusahihisha au kuomba radhi, ilhali mwenye wasomaji waliogawanyika akiomba radhi atakuwa ameikosea nusu yao.

Tuchukue mfano, ambao tarakimu zake nimezitunga ili hesabu ionekane wazi. Maktaba inatangaza kwamba imefuta faini za vitabu vinavyocheleweshwa. Baada ya siku mbili chapisho lina majibu 412 na laiki 96, yaani uwiano wa takribani 4.3, na thamani ya katikati ya ukurasa huo kwa kawaida ni 0.2. Leo ni mara 21 ya kawaida. Msimamizi ameshika kichwa.

Ukaguzi wa kwanza ni kuhesabu watu badala ya majibu. Yale majibu 412 yameandikwa na watu 171, na wawili kati yao wameandika 88, wakirushiana maneno kuhusu jambo ambalo kufikia jibu la kumi halikuhusu tena maktaba. Ukihesabu kila mtu mara moja, uwiano unashuka hadi 171 kwa 96, takribani 1.8. Bado ni mara tisa ya kawaida, kwa hiyo sababu ya ugomvi wa wachache imeeleza sehemu ya jambo lakini haijalimaliza. Angalia pia jinsi mtandao wako unavyohesabu: baadhi huingiza majibu ya majibu katika jumla inayoonyeshwa, na hapo watu wawili wenye ulimi mrefu wanaweza kuipandisha jumla hiyo watakavyo.

Ukaguzi wa pili ni kusoma sampuli. Chukua jibu la kwanza la kila mtu, kwa kuwa ndilo linaloelekea kulijibu chapisho lenyewe badala ya kumjibu msomaji mwingine, kisha uteue 60 kwa bahati nasibu. Usichukue 60 ya juu kama yanavyoonekana kwenye skrini, kwani mtandao umekwisha kuyapanga kwa namna unayoipenda wenyewe, na mara nyingi yaliyovuta watu ndiyo yaliyotangulizwa. Katika mfano wetu, 23 ni maswali, 17 yanapinga, 14 yanaunga mkono, na 6 hayaeleweki au yametoka nje ya mada.

Sasa picha imebadilika. Fungu kubwa kuliko yote ni la watu wanaouliza kitu kimoja, "na deni langu la zamani nalo limefutwa?", jambo ambalo tangazo lilisahau kulisema. Nyuma yake kuna mgawanyiko wa kweli: wapo wanaosema bila faini vitabu havitarudi, na wapo wanaosema faini iliwafukuza waliokuwa wakihitaji vitabu zaidi. Zingatia kwamba hesabu ya 17 kwa 14 haikuruhusu kudai kwamba wapinzani ndio wengi. Kwa sampuli ya 60 kati ya watu 171, kila asilimia unayoitaja inaweza kuyumba kwa takribani pointi 10 juu au chini, na pengo kati ya mafungu hayo mawili ni pointi tano tu. Unaloweza kusema kwa usalama ni kwamba pande zote mbili zina watu.

Ukaguzi wa tatu ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu ni wa haraka na haudanganyi kirahisi: tazama laiki walizopewa waliojibu. Katika mfano huu, jibu moja la kupinga lina laiki 140, na jibu moja la kuunga mkono lina laiki 118. Yote mawili yamelipita chapisho lenyewe. Maana yake ni kwamba wasomaji wa kimya, ambao hawakuandika neno, nao waligawanyika, tena waliona ni heri waiweke laiki yao kwa msemaji wa upande wao kuliko kwa maktaba. Kama majibu kumi yenye laiki nyingi yangekuwa yote ya kupinga, tungesema chapisho limekataliwa, na neno mabishano lisingekuwa mahali pake.

Basi tiba katika mfano huu ilikuwa na hatua mbili, moja ya haraka na moja ya taratibu. Ya haraka ni kuandika jibu la kufafanua madeni ya zamani na kulibandika juu. Ya taratibu ni kuwaeleza wanaopinga namna vitabu vitakavyofuatiliwa bila faini, kwa chapisho jipya, bila kulifuta la kwanza. Ukifuta, majibu yenye hoja hupoteza kichwa chake, na picha za skrini hubaki zikizunguka peke yake bila maelezo yako.

Kuhusu shambulio lililopangwa, usilitaje kabla hujaona ushahidi wa aina zaidi ya mmoja kwa pamoja: maneno yaleyale yaliyonakiliwa kwenye akaunti nyingi, akaunti zilizofunguliwa siku chache zilizopita, na majibu yaliyoingia kwa wimbi ndani ya dakika chache kisha yakakatika. Moja peke yake halitoshi. Watu wa kweli nao hunakili kaulimbiu, na akaunti mpya nyingi ni za watu wapya tu. Tangu X, yaani Twitter ya zamani, ilipowafichia watu wengine orodha ya aliyelaiki nini, Juni 2024, umepoteza pia njia moja ya kuchunguza akaunti hizo kutoka nje, ingawa idadi ya laiki bado inaonekana na mwenye chapisho bado anawaona waliolaiki la kwake.

*Ishia hapa na umwite mtaalamu* ikiwa ripoti yako itamtuhumu mtu au kundi kwa kupanga shambulio. Kazi hiyo inahitaji mchambuzi wa data mwenye kumbukumbu kamili za muda na akaunti, na kabla ya kuichapisha inahitaji mwanasheria. Vivyo hivyo, kama matokeo yataamua hatima ya kazi ya mtu, usiyapange mafungu peke yako. Mpe mtu wa pili majibu yaleyale 60 ayapange bila kuona yako, na mkitofautiana katika zaidi ya jibu moja kwa kila matano, maelezo yenu ya mafungu hayako wazi na hesabu yote irudiwe. Kejeli ndiyo huleta tofauti nyingi: "hongera sana kwa uamuzi huu wa busara" imewahi kunitesa zaidi ya tusi lolote.

Dalili ya nne: uwiano ni mdogo, lakini unasikia kelele kwingine

Mara nyingi kelele zimehamia kwenye kunukuu. Mtu anayetaka kulipinga chapisho mbele ya wafuasi wake hulinukuu na kuandika juu yake, na idadi hiyo haimo katika majibu. Ongeza kwenye hesabu yako kile kinachoitwa quote_count katika data ya X, au ufungue orodha ya walionukuu na usome ishirini.

Kama nukuu nazo ni chache, angalia kama majibu yalifungwa. Tangu Agosti 2020 mwandishi Twitter ameweza kuchagua ni nani wanaoruhusiwa kumjibu, na chapisho lililoruhusu watu wachache litakuwa na uwiano wa kupendeza hata kama nchi nzima imelichukia. Sababu ya mwisho ni wafuasi waaminifu wa akaunti kubwa, ambao hulaiki kabla ya kusoma. Wapinzani 3,000 kwenye chapisho lenye laiki 60,000 ni asilimia tano tu kwa hesabu, lakini ni watu 3,000 waliojisumbua kuandika. Kwa akaunti za namna hiyo, weka uwiano kando na utazame ongezeko la idadi ya waliojibu kulinganisha na siku nyingine.

Wakati wa kuacha kuhesabu kabisa

Yako majibu ambayo hayaingii katika fungu lolote la hesabu hii. Ukikuta tishio la kumdhuru mtu, au anwani ya nyumbani, namba ya simu au picha za watoto wa mtu zimewekwa hadharani, acha sampuli yako hapohapo. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na saa, nakili kiungo cha jibu hilo, liripoti kwa mtandao wenyewe, na umjulishe anayetishwa kabla ya mkubwa wako wa kazi. Tishio likitaja mahali au wakati, linapelekwa polisi siku hiyohiyo. Usilijibu, wala usilifute kabla ya kuhifadhi ushahidi, hata kama mkubwa huyo amesimama nyuma ya kiti chako akisisitiza ukurasa usafishwe.